Kwa nini folda yenye picha nyingi huonekana ina baiti 4096 tu, na folda tupu huonekana ina megabaiti 60

Miongoni mwa maswali ambayo wateja tunaowatunzia seva hutuuliza mara kwa mara, mawili yanatokana na mstari uleule wa amri ya `ls -l`. La kwanza ni la mtu aliyehamisha picha zake zote kwenye seva, kisha akaona folda yake imeandikiwa 4096, akahofu kwamba picha zimepotea. La pili ni la mtu aliyekwisha kufuta faili zote, lakini folda bado inaonyesha makumi ya megabaiti na kila amri inayoigusa inachelewa. Majibu ya maswali yote mawili yamo katika jambo moja: kile ambacho mfumo wa faili huhifadhi pale tunapodhani kuna folda. Tutatumia mfumo wa ext4, kwa kuwa ndio ulioko kwenye seva nyingi za Linux tunazozishughulikia.

Folda, ambayo kwenye Linux huitwa saraka, haina faili ndani yake. Saraka yenyewe ni faili, na maandishi yaliyomo ni orodha ya majina, kila jina likifuatana na namba. Namba hiyo ni ya inodi, yaani rekodi inayotunza kila kitu kuhusu faili isipokuwa jina lake: mmiliki, ruhusa, ukubwa, nyakati, na mahali data yake ilipo kwenye diski. Saraka ni kama daftari la mapokezi linaloonyesha nani yuko chumba gani. Unene wa daftari haukuambii lolote kuhusu uzito wa wageni. Kwa hiyo ukubwa unaoandikwa na `ls -l` mbele ya saraka ni ukubwa wa orodha peke yake. Anayetaka kujua uzito wa vilivyoorodheshwa atumie `du -sh`, ambayo hupita faili moja baada ya nyingine na kujumlisha nafasi zilizochukua.

Namba 4096 inatokana na jinsi orodha hiyo inavyotengewa nafasi. Ext4 huigawa diski katika bloku, ambazo kwa kawaida ni za baiti 4096, na saraka hupewa bloku nzima hata ikiwa na jina moja tu. Kila ingizo katika orodha huchukua baiti 8 za mwanzo, ambazo ni namba ya inodi, urefu wa ingizo, urefu wa jina na aina ya faili, kisha jina lenyewe, na jumla hukuzwa hadi igawanyike kwa 4. Jina `picha.jpg` lina herufi 9, hivyo ingizo lake ni baiti 17 zinazokuzwa kuwa 20. Picha hiyo iwe ya kilobaiti 3 au ya gigabaiti 3, ingizo linabaki na baiti 20. Bloku ya kwanza ikijaa, saraka huongezewa ya pili, na ukubwa wake huruka kutoka 4096 hadi kizidishi kingine cha 4096.

Safu nyingine inayowatatiza watu ni namba iliyo baada ya ruhusa, ambayo ni hesabu ya viungo. Kiungo hapa maana yake ni jina lolote, katika saraka yoyote, linaloelekeza kwenye inodi hiyo. Faili ya kawaida huanza na 1. Saraka mpya huanza na 2, na ikiongezewa saraka ndogo tatu na faili moja, hali huwa hivi:

```
$ mkdir mradi
$ ls -ld mradi
drwxr-xr-x 2 wavuti wavuti 4096 May 14 09:12 mradi
$ mkdir mradi/a mradi/b mradi/c
$ touch mradi/maelezo.txt
$ ls -ld mradi
drwxr-xr-x 5 wavuti wavuti 4096 May 14 09:13 mradi
```

Faili `maelezo.txt` haikuongeza chochote, ila saraka ndogo tatu zimeongeza tatu. Sababu ni kwamba kila saraka huandikwa ikiwa tayari na maingizo mawili: nukta moja, inayoelekeza kwenye saraka yenyewe, na nukta mbili, zinazoelekeza kwenye saraka iliyo juu yake. Inodi ya `mradi` kwa hiyo inaitwa kwa jina `mradi` kutoka saraka iliyo juu, inaitwa kwa nukta kutoka ndani yake, na inaitwa kwa nukta mbili kutoka ndani ya `a`, `b` na `c`. Hayo ni majina matano ya kitu kimoja, na yeyote anaweza kuyathibitisha kwa kuomba namba za inodi:

```
$ ls -1id mradi mradi/. mradi/a/..
131074 mradi
131074 mradi/.
131074 mradi/a/..
```

Hesabu hiyo huaminika kwa sababu Linux haimruhusu mtu yeyote, hata msimamizi mkuu, kuipa saraka jina la ziada kwa amri ya `ln`. Jina kama hilo lingeweza kuifanya saraka iwe chini ya mtoto wake mwenyewe, na programu inayopita saraka zote isingefika mwisho. Basi ukitoa 2 kwenye namba unayoiona, umepata idadi ya saraka ndogo zilizo moja kwa moja chini yake. Hata amri ya `fsck`, inayokagua na kurekebisha mfumo wa faili, huitegemea: huhesabu upya majina yote, na ikikuta tofauti huandika ujumbe kama `Inode 131074 ref count is 6, should be 5`. Ujumbe huo ukitokea baada ya umeme kukatika ghafla, unasema kwamba hesabu iliyoandikwa ndani ya inodi hailingani na majina yaliyopatikana. Peke yake si ushahidi kwamba data ya faili imeharibika.

Kanuni hii ina mipaka yake. Mfumo wa Btrfs huandika 1 kwa kila saraka, hata iwe na watoto wangapi, na ext4 yenyewe huacha kuhesabu na kuandika 1 pale saraka ndogo zinapokaribia 65,000. Ukubwa nao hutofautiana: saraka tupu kwenye tmpfs huonyesha 40, na kwenye XFS huonyesha 6, kwa kuwa XFS huiweka orodha fupi ndani ya inodi bila kuitengea bloku. Mteja aliyehama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine na kuona namba zimebadilika hana sababu ya kuhofu.

Sasa tuje kwenye folda tupu yenye megabaiti 60, ambayo kwetu ndiyo kesi yenye madhara ya kweli. Tovuti ya mteja ilikuwa ikihifadhi faili moja ya kikao kwa kila mgeni, na kazi ya kusafisha faili zilizokwisha muda ilikuwa imesimama bila mtu kujua. Faili zilifika takribani 900,000. Mteja alipozifuta, alitarajia kurudi kwenye 4096, lakini akaona hivi:

```
drwx------ 2 wavuti wavuti 61960192 May 14 10:40 sess
```

Namba hiyo inaelezeka kwa hesabu. Jina la kila kikao lilikuwa `sess_` likifuatwa na herufi 32, jumla 37. Ukiongeza baiti 8 unapata 45, zinazokuzwa kuwa 48. Bloku moja hubeba maingizo kama hayo 85. Faili 900,000 zingehitaji bloku zisizopungua 10,589 kama kila moja ingejazwa hadi mwisho. Lakini hazijazwi hivyo, kwa sababu ext4 huyapanga majina kwa faharasa, na bloku iliyojaa hugawanywa kuwa mbili zenye nafasi, hivyo kwa wastani bloku hubaki zimejaa kama asilimia 70. Gawa 61,960,192 kwa 4096 upate bloku 15,127, na hapo hesabu inakubaliana na kilichotokea.

Kwa nini haikupungua? Unapofuta jina, ext4 haisogezi majina mengine kuziba pengo. Hurefusha ingizo lililotangulia ili limeze nafasi ya lililofutwa, na nafasi hiyo husubiri jina jipya. Bloku yenyewe haiondolewi kwenye saraka hata majina yake yote yakiisha. Matokeo yake ni kwamba `ls` kwenye folda isiyo na kitu hulazimika kusoma bloku zote 15,127 ndipo iseme hakuna kitu, na kazi ya kusafisha, ambayo sasa ilikuwa imefufuliwa, ilikuwa ikirudia usomaji huohuo kila inapoamka. Hivyo ndivyo unavyoweza kuitambua hali hii: `ls -ld` inaonyesha namba kubwa, `ls -A` inachukua muda mrefu, kisha inatoa mistari michache au haitoi mstari wowote.

Njia ya kwanza ya kuitibu ni `e2fsck -fD`, inayopanga saraka upya na kuzifupisha, lakini ni lazima sehemu hiyo ya diski iwe imeteremshwa kwa `umount`, jambo ambalo kwenye seva inayohudumia watu linaumiza. Sisi huchagua njia ya pili, ya kutengeneza saraka mpya na kuibadilisha na ya zamani, baada ya kusimamisha kwa muda mfupi programu inayoandika humo:

```
mkdir sess.mpya
chown --reference=sess sess.mpya
chmod --reference=sess sess.mpya
mv sess sess.zamani
mv sess.mpya sess
find sess.zamani -type f -exec mv -t sess {} +
rmdir sess.zamani
```

Mstari wa `find` huhamisha vikao vichache vilivyobaki. Kwa kuwa saraka zote mbili ziko kwenye mfumo mmoja wa faili, hakuna data inayonakiliwa. Majina tu ndiyo yanayofutwa huku na kuandikwa kule. Mistari ya `chown` na `chmod` isirukwe, maana haki ya kuunda au kufuta faili iko kwenye ruhusa za saraka, na saraka mpya yenye mmiliki tofauti itaizuia tovuti kuandika kikao chochote. Penye SELinux, lebo ya usalama nayo inakiliwe kwa `chcon --reference`. Njia hii haifai ikiwa `sess` yenyewe ndipo mahali sehemu ya diski ilipopachikwa, kwa kuwa `mv` itakataa.

Kwa tovuti zenye wageni wengi tunapendekeza pia vikao vigawanywe katika saraka ndogo kwa herufi ya kwanza ya kitambulisho. Katika PHP hilo hufanyika kwa kuweka `1;` mbele ya njia katika `session.save_path`. PHP haiundi saraka hizo yenyewe, na pia huacha kusafisha vikao vya zamani pale mgawanyo huo unapotumika, kwa hiyo ni lazima kazi ya kusafisha iandikwe kwenye `cron`. Kitambulisho kikiwa cha tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, saraka ndogo zinatakiwa kuwa 16, na kabla ya kuwasha tovuti tunaangalia `ls -ld sess`: kwenye ext4 safu ya viungo inapaswa kusoma 18, na ikisoma 17 kuna moja iliyosahauliwa, ambayo ingewanyima vikao wageni wote wenye vitambulisho vinavyoanza na herufi yake.