YAH: Malalamiko kuhusu memori kadi za GB 128 zenye nafasi halisi ya GB 16

Studio ya Video,
Mwanjelwa, Mbeya.
14 Julai 2025

Meneja,
Duka la Vifaa vya Kamera,
Mbeya Mjini.

Ndugu Meneja,

Tarehe 27 Juni tulinunua dukani kwenu memori kadi tano za GB 128, Sh 45,000 kila moja, risiti tumeambatanisha. Tatu kati ya hizo ni feki. Kijana wenu wa kaunta ametujibu mara mbili kwamba kosa ni letu, hatukuzifomati kwenye kamera. Jibu hilo hatulikubali, na sababu ni hizi.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai kadi mojawapo ilirekodi ibada ya ndoa Uyole, dakika 90 mfululizo. Kwa mpangilio tunaotumia, kamera hula takribani MB 375 kwa dakika, na hukata faili kila inapofika GB 4 kwa hesabu ya kompyuta, yaani kila dakika kumi na moja na nusu hivi. Ibada nzima ni kama GB 34, kwa hiyo kadi ya GB 128 ilipaswa kubaki na nafasi tele. Zilipatikana faili nane, zote zina majina na ukubwa sahihi. Tatu za kwanza zinacheza vizuri. Ya nne iligoma kufunguka. Kuanzia ya tano hadi ya nane hamna kitu ndani. Viapo na pete vilikuwa dakika ya 55, ndani ya faili ya tano, na pete haivishwi mara mbili. Tulichowapa maharusi ni picha ya simu iliyokuwa kwenye stendi nyuma ya kanisa, sauti yake ikiwa na mwangwi mtupu.

Kadi hizo tuliziingiza kwenye kompyuta na kuzipima kwa H2testw, programu inayojaza kadi yote kisha kusoma ilichoandika. Kila moja ya zile tatu ilitoa majibu ya namna hii:

```
The media is likely to be defective.
14.9 GByte OK
104.2 GByte DATA LOST
```

Hiyo 14.9 ndiyo GB 16 kwa hesabu ya kiwandani. Gawanya hizo GB 16 kwa MB 375 upate dakika 42 na ushee, pale pale kadi ilipoanza kupoteza picha. Kadi mbili zilizobaki zilimaliza kipimo bila kasoro, zikionyesha GB 119, na tofauti hiyo ndogo ya 128 na 119 hatuilalamikii, ni namna kompyuta inavyohesabu.

Kijana wenu alichomeka kadi kwenye kompyuta mbele yetu, ikaonyesha 119, akasema ni nzima. Namba hiyo haijapimwa na mtu, ni kadi yenyewe inajitaja. Kontrola iliyomo ndani imepangwa iseme 128 hata kama chipu ni ya 16. Orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa kadi, sehemu iliyo nzima, ndiyo maana majina na ukubwa vinaonekana hata pale picha hazipo. Kufomati kwa kawaida nako huandika orodha hiyo upya tu, hakugusi GB 100 zilizobaki. Kwa hiyo fomati mara kumi, kadi feki itabaki feki. Hata kunakili picha mbili tatu hakuonyeshi lolote, maana bado uko ndani ya zile 16.

Faili ya nne tuliiokoa sehemu tu. Faharasa ya video huandikwa mwishoni mwa faili, na mwisho huo ulikuwa umepotea, hivyo tulitumia untrunc, programu ya kutengeneza video iliyoharibika, pamoja na klipu nzima ya kamera ile ile, zikarudi dakika nane. Nne za mwisho haziokolewi na fundi yeyote, kwa kuwa hazikuwahi kuandikwa popote.

Jambo jingine, kadi hizo zimechapwa V30, ahadi ya kuandika angalau MB 30 kwa sekunde. Kwenye kipimo ziliandika 9.

Tunaomba mturudishie Sh 135,000 za kadi tatu, na boksi lililobaki mlitoe rafuni hadi kila kadi ipimwe yote, siyo moja kwa niaba ya wenzake. Kwa kasi ya MB 9 kuijaza moja huchukua karibu saa nne, iacheni usiku. Tuko tayari kurudia kipimo dukani kwenu mkiwa mmesimama. Ikifika tarehe 28 Julai bila jibu la maandishi, kadi hizi, risiti na picha za majibu ya kipimo tutazipeleka Tume ya Ushindani (FCC).

Kadi tatu bado tunazo.

Wenu,
(Sahihi)
Wapiga video wanne wa studio