Duara la kilomita mbili linadanganya: jinsi tunavyopima dakika za kufika shule kwenye barabara za vumbi

Wateja wengi wakija kwetu wanakuwa tayari wana ramani, shule zimewekwa nukta na kila nukta imezungushiwa duara la kilomita mbili, alafu swali lao ni watoto wangapi wako ndani ya duara. Kuhesabu hao ni rahisi kabisa, tatizo ni kwamba mtoto hatembei kwenye duara, anatembea kwenye barabara, na barabara yenyewe kipande ni lami, kipande changarawe, kipande udongo mtupu ambao mvua ikinyesha unageuka tope. Kwa hiyo tunachofanya sisi ni kuchora eneo la shule kwa dakika za safari badala ya mita, na hapa naeleza inavyofanyika na wapi huwa inaharibika, maana inaharibika sana na ramani inabaki inapendeza vilevile.

Tuchukue mfano mmoja, namba nimezichagua ziwe rahisi kufuata. Shule iko kando ya barabara ya lami. Kitongoji cha kwanza kiko mita 2,100 kutoka shuleni ukipima moja kwa moja, na mtoto wa huko anatembea mita 900 za udongo mpaka kwenye lami, alafu mita 1,500 za lami mpaka getini. Kitongoji cha pili kiko mita 1,700 tu moja kwa moja, njia yake ni mita 2,100 na yote ni udongo, katikati inakatiza korongo ambalo hapo halina daraja, watu wanavuka chini kwa miguu. Ukichora duara la kilomita mbili, kitongoji cha pili kiko ndani na cha kwanza kiko nje. Ukipima urefu wa njia bado cha pili ndo kinaonekana cha karibu.

Sasa weka spidi. Mtoto wa shule ya msingi tumpe mita 75 kwa dakika kwenye lami, yaani kilomita 4.5 kwa saa, na mita 60 kwa dakika kwenye udongo mkavu. Wa kwanza anatumia dakika 15 za udongo na 20 za lami, jumla 35. Wa pili mita 2,100 gawa kwa 60, nayo ni 35. Wamelingana! Mvua ikija tuseme udongo unashuka mpaka mita 40 kwa dakika, lami tunaiacha ilivyo. Wa kwanza anapanda mpaka dakika 42 na nusu, wa pili anaruka mpaka 52 na nusu. Kama kikomo chako ni dakika 45, kitongoji ambacho duara lilikitupa nje kiko ndani, na kile duara lilichokikumbatia kiko nje. Na hapo korongo bado linapitika, likijaa maji mtoto anazunguka mpaka kwenye daraja la mbali, tuseme njia inakuwa mita 3,400 za tope, hiyo ni dakika 85 kwenda tu.

Kwa hiyo kazi yote inasimama kwenye ile spidi unayoipa kila kipande cha barabara, na hapo ndo watu wengi wanaponzwa.

Data ya barabara mara nyingi tunaitoa OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea. Kule kila barabara ina kolamu ya `highway` inayosema ni barabara ya daraja gani, na kolamu ya `surface` inayosema juu kuna nini, lami, changarawe, udongo. Shida ni kwamba `surface` iko wazi kwenye barabara nyingi sana za vijijini, aliyeichora aliiona kwenye picha ya setilaiti akaipa daraja akaendelea na shughuli zake. Na kosa linaloumiza ni kuchukulia kwamba pakiwa wazi basi ni lami. Sisi tunafanya kinyume, pasipojulikana tunahesabu udongo mpaka mtu athibitishe vingine, kwa sababu ukikosea kwa upande huo utaipa shule eneo dogo kidogo kuliko la kweli, lakini ukikosea upande ule mwingine utasema kijiji kina shule ya karibu wakati hakina, na hakuna atakayerudi kuangalia.

Kwenye QGIS, softwea yetu ya ramani, tunaongeza kolamu ya spidi kwa kikokotoo cha kolamu hivi:

```
CASE
  WHEN "surface" IN ('asphalt','paved','concrete') THEN 4.5
  WHEN "surface" IN ('gravel','fine_gravel','compacted') THEN 4.2
  ELSE 3.6
END
```

Hizo ni kilomita kwa saa, kiangazi. Ya masika tunatengeneza kolamu nyingine, pale kwenye `ELSE` inakuwa 2.4. Usiibadilishe ile ya kwanza, weka zote mbili, utazihitaji kulinganisha.

Baada ya hapo unafungua zana ya `Service area (from layer)`, ile inayopaka rangi barabara zinazofikika ndani ya kikomo, unachagua `Fastest`, unaipa kolamu yako ya spidi na kikomo. Kuna mitego miwili hapa inayofanana na utani. Wa kwanza, ukichagua `Fastest` kikomo kinasomwa kwa saa, sio dakika, kwa hiyo dakika 45 unaandika 0.75, ukiandika 45 umeomba saa 45 na mtandao wote utapakwa rangi mpaka mwisho wa ramani. Huo angalau unauona. Wa pili hauonekani kirahisi: barabara ambayo spidi yake iko wazi inapewa spidi ya kawaida iliyoandikwa kwenye `Default speed`, ambayo inakuja ikiwa 50. Yaani ile njia ya udongo ya kitongoji cha pili, ikikosa spidi, mtoto anaikimbia mita 2,100 kwa dakika mbili na nusu. Alama yake ni kwamba eneo linatoa kidole kirefu chembamba kwenye njia moja wakati njia za jirani zimefika nusu tu. Ukiona kidole cha hivyo kwenye njia ya vumbi usifurahi, fungua kolamu uangalie. Na ile 50 ibadilishe kabisa iwe 2.4 kabla hujaanza.

Kuna tatizo la upande wa pili pia, rangi inakatika ghafla kwenye njia panda. Barabara mbili kwa macho zinakutana, lakini kwenye data moja imeishia mita mbili kabla ya nyingine au zinapishana bila kuwa na nukta ya pamoja, na kwa kompyuta hapo hapapitiki, mtoto anazungushwa mbali au hafiki kabisa. Njia za vumbi zina ugonjwa huu kuliko lami kwa sababu zinachorwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Ukiwa na pengo dogo unaweza kuweka mita chache kwenye `Topology tolerance`, ila usiwe mkarimu, ukiweka kubwa unaanza kuunganisha njia zilizotenganishwa na korongo au ukuta, na lile korongo ndo ulikuwa unalitafuta! Mimi napendelea kurekebisha kwa mkono njia panda zilizo karibu na shule, inachosha ila unajua ulichofanya.

Nukta ya shule nayo iweke getini. Softwea inaichukua nukta na kuibandika kwenye mstari wa karibu zaidi, na kama umeiweka katikati ya uwanja inaweza kubandikwa kwenye njia ya nyuma ambako kuna uzio na hakuna mlango, alafu eneo zima linaota upande usio sahihi.

Wale wanaofanya hesabu hii kwenye hifadhidata kwa amri ya `pgr_drivingDistance` badala ya QGIS waangalie kitu kimoja cha ziada: inarudisha njia panda zilizofikiwa, haikati kipande cha barabara katikati. Mjini haisumbui sana, vipande ni vifupi. Kijijini kipande kimoja cha vumbi kinaweza kwenda mbali bila njia panda yoyote. Rudi kwenye kitongoji cha kwanza na kikomo cha dakika 30 kiangazi, mtoto akitoka shuleni anamaliza lami kwa dakika 20, zinabaki 10, ambazo ni mita 600 za udongo kati ya 900. Kama kipande hicho hakina nukta katikati, jibu linaishia pale lami inapokutana na udongo na hizo mita 600 pamoja na nyumba zake zinapotea. Dawa ni kuvikata vipande virefu kila mita 100 kabla ya kuanza.

Mpaka hapo ulichonacho ni mistari, sio eneo. Wengi wanaizungushia mistari poligoni moja kubwa ya kuvutia, sawa kwa bango, lakini poligoni hiyo inaruka juu ya korongo na inameza nyumba za ng'ambo ambazo hazina njia ya kufika. Sisi tunaanzia kwenye nyumba, kila jengo tunalipeleka kwenye mstari wa karibu na kuongeza dakika za kutembea kutoka mlangoni mpaka barabarani, kwa mita 50 kwa dakika. Nyumba ya mita 200 kutoka barabarani inaongeza dakika 4, na kwenye kitongoji cha kwanza masika ile 42 na nusu inakuwa 46 na nusu, nyumba hiyo iko nje ijapokuwa barabara yake iko ndani. Kuna vinjia vya mkato ambavyo havipo kwenye ramani yoyote, hivyo tunavipata kwa kuuliza tu, na wanafunzi ndo wanaovijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Spidi zenyewe usizichukue kwetu kama amri. Mtu mmoja atembee na wanafunzi huku simu inarekodi njia, asubuhi ya kiangazi na asubuhi baada ya mvua, alafu linganisha dakika zake na zetu kwa kila aina ya barabara. Mkiona udongo unatoa mita 50 kwa dakika na sisi tuliandika 60, inabadilishwa namba moja kwenye kolamu na yote yanahesabiwa upya. Na kama watoto wanasafiri kwa gari, tofauti ya lami na vumbi inakuwa kubwa kuliko ya kutembea, kwa hiyo kolamu ya miguu haifai kabisa kwa basi, inatengenezwa yake.

Ukitaka tukufanyie, tuletee nukta za mageti, kikomo cha dakika unachotaka, na zaidi ya vyote orodha ya sehemu ambazo maji yakijaa hapapitiki. Hiyo orodha hatuwezi kuipata kwenye setilaiti, picha nyingi zinazosomeka vizuri zimepigwa kiangazi mawingu hayapo na korongo limekauka, linaonekana kama njia nyingine yoyote.