Kabla hujabonyeza kurekodi

Walimu, habari za jioni. Masomo ya ubaoni turekodi simu ikiwa imelazwa kwa ubavu. Ukiisimamisha wima, anayetazama kwenye kompyuta ataona picha imejaza kama theluthi moja tu ya kioo, pembeni weusi mtupu, na maandishi yamekuwa sisimizi. Wima tuviachie vipande vifupi vya mtu akiongea, vya kutazamwa kwenye simu.

Mnaorekodi daftari kutoka juu, angalieni: simu ikitazama chini hupotea mwelekeo. Ilaze kwenye stendi ikitazama mbele, ngoja alama za kamera zigeuke, ndipo uiinamishe. Rekodi sekunde 5, uzitazame. Ukishaanza kurekodi, kugeuza simu hakubadilishi kitu. Mimi nilirudia somo zima!