Ile pongezi yako kwa mwenyekiti mpya

Uyole, Mbeya
9 Machi 2026

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Uyole, ambako mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika nguo. Barua yako imenifikia salama pamoja na ile rasimu ya pongezi unayotaka kumpelekea binti aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi cha vijana wa kitalu cha parachichi hapo kwenu Rungwe. Umeniomba niisome kwa jicho la mtu wa nje kabla hujaituma, nami nimeisoma mara tatu. Inaonyesha unavyompenda, na hapo hapo ndipo penye shida.

Nainakili hapa ili tuitazame pamoja: «Hongera sana mwenyekiti wetu wa vijana kwa ushindi wa kishindo! Vijana wa kata wamefanya chaguo sahihi. Huu ni mwanzo tu, tuko nyuma yako. Kazi iendelee.» Halafu ukaweka vimoyo vitatu vya kijani.

Nianze na hilo jina, «mwenyekiti wa vijana». Katika nchi yetu mtu akilisikia bila maelezo, wazo lake la kwanza ni jumuiya za vyama, kwa kuwa CCM wana UVCCM, CHADEMA wana BAVICHA, na ACT Wazalendo wana Ngome ya Vijana, na kote huko wako wenyeviti wa vijana. Binti wako ni mwenyekiti wa kikundi chenye wanachama 23 wanaobebesha miche na kuiuza. Liandike jina la kikundi kwa ukamilifu, na neno «wetu» uliache, maana wewe si mwanachama. Kwa sababu hiyo hiyo, «vijana wa kata wamefanya chaguo» si kweli, kwa kuwa waliochagua ni wanachama wa kikundi peke yao.

Umeniambia kwamba alipata kura 14 na mwenzake kura 9. Sasa jiweke mahali pa mmoja wa wale tisa, usome «ushindi wa kishindo» na «chaguo sahihi», kisha ujiulize kama Jumatano utakapofika kitaluni kuwaelekeza namna ya kukata vikonyo atakusikiliza kama alivyokusikiliza juma lililopita. Neno «ushindi» lina aliyeshindwa ndani yake, wakati «kuchaguliwa» linataja jambo lililotokea na kuishia hapo. Zaidi ya hayo, umenidokeza kwamba yule aliyepata kura tisa ni mtoto wa kiongozi wa tawi la chama kijijini, na kwamba wapo wanaosema binti ni wa upande wa pili. Kikundi chenyewe kinajiandaa kuomba ule mkopo wa halmashauri, ambao asilimia nne ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya vijana. Wewe uliye afisa ugani ukionekana una upande, mkopo ukitoka au ukikwama watu watakuwa wameshapata maelezo yao.

Ninalolihofia kuliko yote ni «huu ni mwanzo tu». Nakwambia hivi kwa sababu liliwahi kuniunguza mimi mwenyewe. Mwanzoni mwa 2024 nilimwandikia maneno hayo hayo kijana mmoja aliyechaguliwa kuongoza kikundi cha kuweka na kukopa cha waendesha bodaboda wa mtaani kwetu, nikiwa na maana kwamba kikundi kitakua. Ulipokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba mwaka huo, kijana akachukua fomu ya kugombea, na ujumbe wangu ukasambazwa kwenye makundi ya simu ukiwa umekatwa juu na chini, yamebaki maneno yale na jina langu. Sikuwa na pa kushika, kwani maneno yalikuwa yangu kweli. Tangu hapo kila sentensi ya pongezi naipima kana kwamba itasomwa peke yake, bila ya mbele wala ya nyuma, na mtu asiyenijua.

Ukiipima kwa namna hiyo, «tuko nyuma yako» inageuka ahadi ya kuunga mkono, na msomaji atataka kujua hao «sisi» ni akina nani. «Kazi iendelee» nayo ni maneno mazuri, lakini tangu 2021 yamekuwa kauli ya serikali na ya majukwaa, na huwezi kuyarudisha kuwa maneno ya kawaida kwa nia yako njema. Vimoyo vya kijani vilinichekesha, kwa sababu najua ulikuwa unawaza majani ya parachichi, lakini hakuna atakayeliwaza jani. Ukipiga naye picha pia, angalieni vidole viwili visinyanyuliwe, maana hapo mtakuwa mmehamia chama kingine.

Usije ukakimbilia upande wa pili ukaandika, «Ujumbe huu hauhusiani na siasa.» Aliyekuwa hajawaza siasa ataanza kuiwaza hapo. Wala usiandike, «Nimepokea taarifa ya kuchaguliwa kwako,» kwani binti atadhani ameletewa barua ya wito. Joto la pongezi halipatikani katika kumtabiria makubwa. Linapatikana katika kutaja jambo dogo la kweli ambalo wewe na yeye mnalijua. Uliwahi kunisimulia kwamba msimu uliopita ndiye aliyeshika daftari la kitalu, na kwamba hakuruka hata siku moja ya kumwagilia. Hilo linamtosha, na hakuna atakayeweza kulipeleka jukwaani.

Kwa hiyo mimi ningeandika hivi: «Habari za kazi. Hongera kwa kuchaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi chenu cha kitalu cha parachichi katika mkutano wa Jumamosi. Nilifurahi kusikia kwamba wanachama wote 23 walihudhuria na kura zikahesabiwa mbele yao. Daftari la kitalu ulilitunza vizuri, nami nakutakia utulivu huo huo katika kuongoza vikao. Jumatano nitafika kitaluni kama kawaida kwa ajili ya wanachama wote.» Chini weka jina lako tu, bila cheo chako cha kata wala mhuri, kwa sababu cheo kinaifanya pongezi kuwa ya ofisi, nawe kama mtumishi wa umma hutakiwi kuonekana ukiegemea upande kwa kutumia ofisi. Ukipenda kumalizia kwa «ndaga fijo», ile asante sana ya Kinyakyusa, najua litamfurahisha, ila kumbuka katika kikundi wamo wanaotoka Makete na Mbozi, wasije wakadhani ni mambo ya nyumbani.

Mpelekee yeye mwenyewe kwenye simu yake, usiuweke kwenye kundi la wanachama, na usubiri katibu akamilishe muhtasari na kuusaini, maana mpaka hapo yule wa kura tisa bado ana haki ya kulalamika kuhusu hesabu. Naye ukikutana naye kitaluni, msalimu kwa jina na umshukuru kwa kugombea. Hilo ni la mdomo, halihitaji kuandikwa.

Ukiibadilisha rasimu nitumie niione, hata kama ni usiku. Nisalimie mama na watoto, na zile ndizi ulizoahidi nazisubiri kwa basi la Tukuyu la Ijumaa.

Ni mimi rafiki yako wa tangu shule,
wa Uyole