Malalamiko: mabango ya aiskrimu yamepauka juani

Habari meneja,

Naandika kuhusu yale mabango mliyonichapia ya kubandika mtaani msimu huu wa joto. Mchoro ni koni ya aiskrimu inayeyuka juani, pinki ya stroberi inachuruzika mpaka kwenye koni, nyuma yake jua la manjano linaloelekea chungwa na juu anga ya bluu. Kazi yote imebebwa na hizo rangi za joto, mtu akipita alione jua linawaka atamani kitu baridi.

Sasa hivi hazipo. Wiki chache tu ukutani na pinki imekuwa nyeupe yenye ububluu, jua limekuwa rangi ya maziwa, koni imebaki kijivu, lakini anga iko vilevile na maandishi meusi hayajaguswa. Aiskrimu inaonekana imegandishwa wakati inatakiwa iwe inayeyuka!

Nikapiga simu, mhudumu wenu akasema eti kosa ni faili langu, lilikuwa RGB. Hapana jamani. RGB ikigeuzwa CMYK rangi zinapoa palepale, zinatoka kwenye printa zimeshapoa, hazisubiri zikabandikwe. Mimi mabango nilipokea yanawaka, na sampuli niliyosaini iko kwenye droo bado inawaka mpaka leo. Halafu nimebandua utepe wa pembeni kwenye bango moja, chini yake kuna ukanda wa pinki mbichi kabisa, umepakana na iliyopauka kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Karatasi ileile, wino uleule, palipofunikwa pamepona. Hilo ni jua.

Na jua kwenye wino wa namna hii linakula majenta na manjano kwanza, sayani na nyeusi ndo zinavumilia. Pinki, chungwa na kahawia zote zinategemea hizo mbili za kwanza, ndo maana zimekufa pamoja na anga ikabaki.

Kingine, nilidondoshea maji kwenye kona nikasugua kwa kidole, rangi ikatoka. Yaani hakuna laminesheni hata kidogo, na huo ni wino wa maji wa kuchapia vitu vya ndani, wakati oda yangu mmeandika wenyewe "matumizi ya nje". Hapo ndo nimeumia, maana nililipia kitu kingine.

Naomba mchape upya kwa gharama zenu, kwa wino wa pigmenti wa solventi, juu muweke laminesheni ya kuzuia UV. Najua hata huo utapauka siku moja, sidai ukae milele, nadai umalize msimu. Kabla ya kuchapa yote nipeni kipande kimoja chenye pinki na chungwa, nikifunike nusu nikiweke juani, nikiona hakuna mstari nawaambia muendelee. Picha za ule utepe nimeambatanisha, na bango lenyewe ninalo, njooni mlione.

Nasubiri jibu lenu wiki hii.