Barua kwa Asha: kile kisanduku cha miaka mitatu

Mwanga, Kigoma
Jumapili jioni

Asha mwenzangu,

Salamu nyingi, za wazima na za wanaojikongoja. Mama anakusalimu, bado anauliza yule mtoto wako wa pili ameanza kutembea au la. Naandika haraka kwa sababu mjomba Hamisi anapanda treni leo usiku kuja huko Tabora, na barua hii nataka iwe mfukoni mwake pamoja na kifurushi cha migebuka. Ukikuta imeliwa nusu, muulize yeye.

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Eti umeiacha ile nafasi ya Afisa Ugavi ya Kasulu kwa sababu tangazo linasema "uzoefu usiopungua miaka mitatu katika ugavi au utunzaji wa ghala" na wewe "huna". Huna kweli, au hujahesabu? Nimekujua tangu Ujiji, wewe ni mtu wa kuhesabu nazi za watu wote sokoni isipokuwa za kwako.

Unajua nilikaa miaka minne ofisi ya utumishi kwenye lile shirika kabla hawajafunga. Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi, kuyapanga kwenye jedwali, na kukaa kwenye kikao cha mchujo na kalamu nikiandika nani kapita. Nilichojifunza pale ni hiki: usiulize miaka mingapi, uliza namba hiyo ilitoka wapi. Maana kuna namba ambayo aliyeiandika anaweza kuifuta kesho asubuhi, na kuna namba ambayo hata mkurugenzi haiwezi.

Nikupe mfano wa ile isiyofutika. Tulitafuta msimamizi wa mradi wa maji, miaka mitano. Akaja kijana mmoja wa Kibondo, ana minne na miezi miwili, kwenye usaili aliwafunika wote. Mkuu wetu alimtaka, sote tulimtaka. Tukampeleka, jibu likarudi: hapana. Kumbe ile miaka mitano ilikuwa imeandikwa kwenye andiko la mradi ambalo mfadhili alilisaini, jina la nafasi na sifa zake, na wasifu wa atakayeajiriwa lazima mfadhili auidhinishe. Sisi hatukuwa na mamlaka hata ya kupunguza miezi kumi. Tangazo lenyewe lilionyesha, ila nani anasoma? Lilisema "kulingana na masharti ya mfadhili" chini kabisa, karibu na tarehe ya mwisho.

Serikalini nako ni vivyo hivyo, ila huko sababu ni muundo wa utumishi. Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira utaona udereva daraja la pili: kidato cha nne, leseni daraja E au C ambayo mtu ameifanyia kazi si chini ya mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva. Mwaka huo ni mmoja tu, lakini mwenye miezi kumi hapiti, kwa kuwa aliyetangaza hakuutunga yeye. Umoja wa Mataifa pia: daraja la P-3 linataka miaka mitano, P-2 miwili, hakuna wa kumwonea huruma mtu.

Sasa ile inayofutika. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulitangaza mhasibu, "miaka mitano". Nilikuwepo namba hiyo ilipozaliwa, Asha! Meneja alichukua tangazo la zamani la nafasi ya juu zaidi, akabadilisha cheo, akasahau miaka. Maombi yakaja 94. Wenye miaka mitano kamili na ambao wangekubali ule mshahara walikuwa wawili, na mmoja akajitoa. Meneja akasema shusheni hadi mitatu, tukarudi kwenye lundo tukawatoa waliokuwa wamewekwa pembeni. Aliyepata alikuwa na miaka mitatu kasoro. Wale ambao hawakutuma kabisa kwa sababu ya tano ile hawakuwa kwenye lundo, hatungeweza kuwatoa popote. Na mimi mwenyewe mwaka 2018 niliacha nafasi moja hivyo hivyo. Kidonda hicho tusikifungue leo.

Kwa hiyo dalili ninazoziangalia mimi ni chache. Kwanza, maneno. "Usiopungua" na "lazima" si sawa na "itapendelewa" au "itakuwa sifa ya ziada". Kwenye tangazo lako, uzoefu wa kambi ya wakimbizi umeandikwa sifa ya ziada, usiupoteze usingizi. Pili, nalinganisha miaka na majukumu. Wakitaka miaka mitano halafu kazi yenyewe ni kupokea mizigo, kujaza leja na kutoa ripoti ya kila mwezi, hiyo miaka mitano imekopiwa mahali, inaweza kuteremka. Lakini jukumu likiwa kusaini malipo au kusimamia watu kumi, ujue kuna mtu anaogopa jambo fulani. Tatu, tangazo likirudiwa, au tarehe ya mwisho ikisogezwa, ni kwamba hawakupata. Hapo hata mwenye pungufu kidogo ana nafasi.

Ila tangazo lako lina jambo ambalo hayo yote hayalitatui, nalo ndilo limekukwamisha: kile kisanduku kwenye fomu ya mtandaoni. "Una uzoefu wa miaka mitatu au zaidi? Ndiyo / Hapana." Hapa sikudanganyi. Kisanduku cha namna hiyo kimewekwa makusudi, na ukijibu Hapana, mara nyingi ombi lako linawekwa kando bila mtu kulifungua. Mtu aliyeweka kisanduku amekaa akafikiri. Kwa hiyo mitatu hiyo ni kali.

Lakini ni kali kwa hesabu ya nani? Tufanye ya kwako, nimeichukua kwenye wasifu ulionitumia mwaka jana. Mafunzo kwa vitendo ya chuoni toa, wengi hawayahesabu. Bohari ya dawa ya kile kituo cha afya ulijitolea Julai 2020 hadi Machi 2021, miezi 9, siku tatu kwa wiki. Chama cha ushirika cha tumbaku, msaidizi wa ghala, Aprili 2021 hadi Februari 2023, miezi 23. Halafu ule mkataba wa msimu wa kununua tumbaku, Aprili hadi Agosti 2024, miezi 5. Ukihesabu yote ni miezi 37, umepita kwa mwezi mmoja. Mtu mkali akisema siku tatu kwa wiki si kazi kamili, ile tisa inakuwa mitano na kitu, na jumla inashuka hadi 33. Akisema kujitolea hakuhesabiki kabisa, una 28. Ni mtu yule yule, kazi zile zile!

Sasa angalia wasifu wako: umeandika "2021–2023" bila miezi. Niliwahi kukaa na watu wanaosoma hivyo, mmoja akasema miaka mitatu, mwingine akasema miwili, wa tatu akasema huyu anaficha kitu. Andika mwezi na mwaka, kila mahali. Na kule bohari usiandike "kujitolea" peke yake, andika ulifanya nini: ulipokea dawa, ulikagua tarehe za mwisho wa matumizi, ulifunga hesabu ya mwezi. Ndiyo kazi ya ghala hiyo, iliyolipwa na isiyolipwa.

Usipandishe miezi lakini. Nakuambia kwa sababu nimeona mtu akiitwa mpaka siku ya kusaini, kisha taarifa ya michango ya NSSF ikaonyesha aliondoka kazini miezi saba kabla ya alivyosema. Aliondoka na barua yake mkononi, hakusema neno. Wewe hilo huna haja nalo. Cheti cha utumishi kutoka chama cha ushirika unacho? Kama hawakukupa, waombe. Sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho mkataba unapokwisha. Kile cha bohari hakitakuwepo, kwa hiyo mwombe mganga mfawidhi barua yenye tarehe za kuanza na kumaliza, na siku za wiki.

Kisha kabla hujagusa kisanduku, andika barua pepe kwao, mistari miwili, usijieleze sana: "Naomba kufahamu kama kazi ya kujitolea ya ghala inahesabika katika miaka mitatu ya uzoefu, na kama ya siku tatu kwa wiki huhesabiwa kamili." Basi. Wakisema ndiyo, bonyeza Ndiyo ukiwa na jibu lao mkononi. Wakisema hapana, nawe huna ndugu kule ndani wa kukisukuma, iache bila majuto ukatafute nyingine, maana kisanduku hakisikii. Wasipojibu hadi Alhamisi, ningebonyeza Ndiyo, lakini ndani ya barua ya maombi sentensi ya kwanza kabisa iseme: miezi 37, kati yake 9 ya kujitolea siku tatu kwa wiki. Anayetaka kupunguza apunguze mwenyewe, ila asije akasema umemficha. Najua dada yako Rehema atasema hiyo ni kujichongea. Mwache.

Na PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi? Usajili wako uko hai au ada ya mwaka imekupita? Hilo sisi tulikuwa hatulijadili kabisa, asiye na usajili alikuwa hapiti hata kama ana miaka ishirini, na nisingependa ukwame hapo baada ya shughuli yote hii.

Fomu inafungwa Ijumaa saa ngapi, usiku au saa ya ofisi? Hilo tangazo limewahi kutoka kabla, au ndiyo mara ya kwanza? Kama ukipata, watoto utawaacha na mama mkwe au unakuja nao Kasulu? Na yule mganga mfawidhi bado ni yule yule aliyependa kubishana kuhusu Simba na Yanga, au kahama? Mjomba anarudi Jumatano. Kama ameshika hela, mpe asali chupa mbili, na majibu.

Wako,
Neema