Moyo ulikwenda mbio miezi 5. Ugonjwa nimeujua, sasa nimwambieje mama mkwe?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27, naishi Temeke na mume wangu. Ndoa yetu ina mwaka na miezi 8 na bado hatujajaliwa mtoto. Nakuomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu nikikupa swali peke yake bila kukueleza nilikotoka, utanishauri kama walivyonishauri wengine.

Ilianza mwezi wa 11 mwaka jana. Nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto, nikasikia moyo unadunda ndani ya mto, du du du, kama mtu anapiga hodi kwa haraka. Nikageuka, haukutulia. Nikadhani ni chai ya tangawizi niliyokunywa usiku, nikaiacha. Wiki iliyofuata moyo ukaja mchana nikiwa nimekaa tu napiga pindo, sijabeba kitu wala sijashtuliwa na mtu.

Joto nalo sikulitilia maanani, maana Dar mwezi wa 12 nani halalamikii joto? Lakini mume wangu alikuwa anajifunika khanga alfajiri, na mimi nimeshuka kitandani nimelala kwenye sakafu, feni inanipuliza na mgongo umelowa. Nilikuwa nakula kuliko yeye. Chapati 3 asubuhi, saa 4 natafuta mihogo, mchana ugali wa kushiba, na bado nikapungua kutoka kilo 64 mpaka 55. Wateja wengine walinisifu kwamba nimependeza. Wengine walininong'ona, na najua walichokuwa wakisema, kwa hiyo nikaenda kupima virusi. Sina.

Kilichoniumiza zaidi ni hedhi. Ilipungua ikawa siku 1, kisha mwezi wa kwanza haikuja kabisa. Mama mkwe alipopata habari alipiga simu kutoka Jambiani akilia kwa furaha. Nikapima mkojo mara 2, hakuna mimba. Mpaka leo nikikumbuka nilivyompigia kumwambia, koo linanikaba.

Hospitali sikukaa bila kwenda. Zahanati ya kwanza walinipima malaria, hakuna, wakanipa dawa za taifodi. Nilikuwa naenda chooni mara 4 kwa siku, wakaona tumbo ndilo tatizo. Kituo cha pili walinipima moyo kwa ile mashine ya waya za kifuani. Nikaambiwa moyo mzima, unakwenda kasi tu, una mawazo ya ndoa, punguza wasiwasi, nikapewa vidonge vya usingizi. Shangazi, ni kweli nilikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nafoka kwa jambo dogo, nalia bila sababu, usiku silali. Lakini wasiwasi ulikuja baada ya moyo, haukutangulia, na hilo hakuna aliyeniuliza. Ndugu mmoja wa mume akasema nina jini, tukasomewa. Moyo ukaendelea.

Mwezi wa 3 mambo mawili yalinitisha. La kwanza, nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kazi hii nimeifanya miaka 8, uzi natunga huku naongea na mteja. Siku hiyo ncha ya uzi ilikuwa inacheza mbele ya tundu, natazama vidole vyangu vinatetemeka na siwezi kuvizuia. La pili, choo chetu ni cha kuchuchumaa, na nilipotaka kuinuka mapaja yakakataa. Nikashika ukuta ndipo nikasimama.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja mtu mzima, kwenye zahanati ambayo nilikwenda kutafuta dawa ya mafua. Hakukimbilia mashine. Alinikalisha karibu nusu saa kwenye benchi, kisha akanishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo dakika nzima: 122. Akanishika viganja, vina moto na vimelowa. Akaniambia, "Mwanangu, mtu mwenye hofu viganja vyake mara nyingi huwa vya baridi. Vyako vina moto." Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikatetemeka kama imepigwa na upepo. Halafu akanipa maji, akaniambia nimeze huku yeye anatazama koo langu. Akamwita mume wangu naye atazame. Chini ya koromeo palikuwa na uvimbe laini, kila nikimeza unapanda na kushuka. Mimi nilidhani shingo imejitokeza kwa sababu nimekonda.

Kabla hatujaondoka akampa mume wangu kazi: usiku akiniona nimelala fofofo, anihesabie mapigo dakika nzima bila kuniamsha. Alisema wasiwasi ukilala na moyo hupumzika, lakini tezi hailali. Mume wangu alihesabu saa 9 usiku. 108.

Akatuandikia kipimo cha damu cha homoni za tezi ya shingo, thairoidi. Kipimo kinachoitwa TSH kilisoma chini ya 0.01, na kwenye karatasi ile cha kawaida ni kuanzia 0.4 mpaka 4. T4, ambayo ni homoni yenyewe ya thairoidi, ilikuwa 62, na mwisho wake ni 22. Daktari wa hospitali tuliyopelekwa alinieleza vizuri. TSH ni amri inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kuiambia thairoidi ifanye kazi. Homoni zikizidi kwenye damu, amri inakatwa. Yangu imekatwa karibu yote, lakini thairoidi haisikii, inaendelea kumwaga homoni, kwa sababu kinga yangu ya mwili imetengeneza kitu kinachoisukuma ifanye kazi muda wote, kama pedali ya cherehani ya umeme iliyokwama chini. Kipimo kingine cha damu kilithibitisha hivyo. Unaitwa ugonjwa wa Graves. Homoni hizo ndizo zilizokuwa zinakimbiza moyo, zinachoma mwili, zinakula misuli ya mapaja, zinaharakisha tumbo na kuvuruga hedhi. Vitu vyote nilivyovitibu kimoja kimoja vilikuwa kitu kimoja.

Nimeanzishwa kabimazoli miligramu 30 kwa siku, na propranololi ya kutuliza moyo baada ya kuulizwa kwanza kama nina pumu. Moyo ulipoa ndani ya siku chache, lakini daktari alinionya kwamba hiyo ni propranololi tu. Kabimazoli huzuia homoni mpya kutengenezwa, zile zilizokwisha kuwekwa akiba ndani ya tezi lazima ziishe, na hiyo inachukua wiki kadhaa. Alirudia mara 3 jambo moja: nikipata homa au koo likiuma, au vidonda mdomoni, nisimeze kabimazoli nyingine, siku ileile nikapime damu nzima, kwa sababu kwa watu wachache dawa hii huangusha chembe nyeupe za damu na mwili unabaki bila ulinzi. Nimeandika kwenye karatasi, nimebandika juu ya cherehani. Sasa ni wiki ya 7. Mapigo ni 84, nimerudisha kilo 2, na juzi nimetunga uzi mara moja tu.

Sasa tatizo langu, Shangazi.

Daktari amesema nisishike mimba kwa sasa. Homoni zikiwa juu mimba inaweza kuharibika, na kabimazoli yenyewe ikimkuta mtoto katika wiki za mwanzo inaweza kumletea kasoro za maumbile. Nikitaka kuzaa nimwambie mapema, kuna dawa nyingine wanayobadilishia mwanzoni mwa mimba. Mpaka hapo natumia uzazi wa mpango. Na kuna njia 2 mbele yangu. Ya kwanza ni kuendelea na vidonge mwaka 1 mpaka mwaka 1 na nusu, kisha wanaviacha na kutazama. Karibu nusu ya watu ugonjwa hurudi. Ya pili ni kunywa madini joto ya mionzi, ambayo tezi huyavuta yenyewe na kuunguzwa nayo. Baada ya hapo nisubiri angalau miezi 6 kabla ya mimba, na kwa kawaida tezi hufa kabisa, nitameza kidonge cha homoni kila siku maisha yangu yote. Upasuaji nao aliutaja, ila hakuona haja kwangu kwa sasa. Mionzi hiyo hutolewa Ocean Road, na wewe unajua mtu wa Dar akisikia Ocean Road anafikiri nini. Nikionekana pale mara moja, mtaa mzima utasema nina kansa.

Mama mkwe amekuja kukaa nasi tangu mwezi uliopita. Si mtu mbaya, nataka uelewe hivyo. Analima mwani kwao Jambiani, na alipoona shingo yangu alisema hilo ni rovu, rovu linatokana na kukosa madini joto, na mwani una madini joto. Kila asubuhi ananisagia juisi ya mwani na maziwa kwa mkono wake. Kwa rovu la kukosa madini joto huenda angekuwa sahihi. Langu ni kinyume. Daktari amenikataza kabisa mwani na dawa zozote zenye madini joto, kwa sababu hiyo ndiyo malighafi ambayo tezi inatengenezea homoni. Juisi naimwaga akienda kuoga, na roho inanisuta.

Wiki iliyopita amekuta vidonge vya uzazi wa mpango kwenye mkoba wangu. Hakusema neno. Alivirudisha, akaenda kukaa nje mpaka magharibi, na tangu siku hiyo ananiita kwa jina badala ya "mwanangu".

Nataka kumwambia kila kitu. Mume wangu hataki. Anasema akijua, ukoo wote utajua, watasema ameoa mgonjwa na watamtafutia mke mwingine. Ananipenda, ndiye aliyekesha akihesabu mapigo yangu, lakini kwa hili ananiomba ninyamaze mpaka dawa ziishe. Mwaka mmoja na nusu, Shangazi, nikae kimya na yule mama ndani ya nyumba, anaamini nawanyima mjukuu kwa makusudi?

Kliniki narudi tarehe 14 mwezi ujao na daktari anataka nimpe jibu kuhusu njia ipi. Naomba msaada wako, na wa wasomaji wako waliopitia ugonjwa huu. Walioanza na vidonge na walikuwa wanatafuta mtoto, ilikuwaje mlipoviacha? Waliokunywa mionzi, mlikaa muda gani mpaka kipimo cha damu kikakubali mshike mimba? Na mama mkwe, je, nimwambie peke yangu bila idhini ya mume wangu, au nimwombe mume twende na mama kliniki ile tarehe 14, amsikie daktari mwenyewe kuhusu mwani na kuhusu vile vidonge?

Wako,
Fundi wa Temeke